Betri inaisha upesi, kasi umeshapunguza: kutafuta umeme unaoliwa na saketi za CMOS

Wanaotengeneza vifaa vidogo vya betri huleta malalamiko yaleyale. Betri inaisha ndani ya siku chache. Kasi ya saa imepunguzwa lakini mkondo haujashuka sana. Kifaa kimelala na bado kinakula miliampia nzima. Volteji imeshushwa ili kuokoa umeme, sasa programu inajizima na kujiwasha. Mwongozo huu unayachukua moja baada ya jingine kwa kutumia IC moja ambayo wengi wetu tunayo mezani, ATmega328P, ileile iliyo kwenye bodi za Arduino Uno na Nano. Kanuni yake ni ya saketi yoyote ya CMOS. Namba tu ndizo zitakazobadilika.

Kwanza tukumbushane umeme unakwenda wapi. Transista za CMOS zikiwa zimetulia, upande mmoja umefungwa, kwa hiyo karibu hakuna mkondo unaopita. Umeme unaliwa pale geti linapogeuka. Likipanda kutoka 0 kwenda 1, waya wake na mageti yaliyo mbele yake hujazwa chaji kutoka kwenye betri. Likishuka, chaji hiyo inamwagwa ardhini na haitumiki tena. Ni sawa na kujaza kikombe kisha kukimwaga: kinachokugharimu ni ukubwa wa kikombe, kimo cha kujazia na idadi ya mara unazorudia. Ndiyo maana hesabu yake iko hivi:

```
P = a * C * V^2 * f
I = a * C * V * f
```

Hapo `C` ni kapasitansi yote inayoweza kugeuzwa, `V` ni volteji, `f` ni kasi ya saa, na `a` ni kiwango cha ugeukaji, yaani sehemu ya mageti yanayopanda kweli katika kila pigo la saa. Volteji inaingia mara mbili kwenye nguvu, lakini mara moja tu kwenye mkondo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowapoteza watu wengi, na tutairudia.

Kwa ATmega328P huhitaji kuzijua `a` na `C` kila moja peke yake. Datashiti inasema IC hii ikifanya kazi kwa 8 MHz na volti 5, kwa kawaida inakula miliampia 5.2. Gawanya kwa volteji na kasi, utapata pikofaradi 130. Hiyo ndiyo `a * C` yake ikiwa kazini. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa 1 MHz na volti 1.8, ambako datashiti inataja miliampia 0.2, unapata kama pikofaradi 110. Namba zinakaribiana, nami hutumia 130 kwa makadirio yote.

Kipimo cha kuanzia kabla ya dalili yoyote

Usifungue wala kubadilisha kitu kabla hujajua kama umeme wako unaliwa na ugeukaji au na kitu kinachokula muda wote bila kujali saa. Njia ya kujua ni rahisi: badilisha kasi ya saa peke yake, soma mkondo, halafu chora mstari. Weka programu ya majaribio inayozunguka bila kulala, kisha pima kwa kasi mbili au tatu. Kwenye ATmega328P kasi inagawanywa kwa programu, bila kugusa kristali:

```c
cli();
CLKPR = (1 << CLKPCE);
CLKPR = (1 << CLKPS1);   // 16 MHz / 4 = 4 MHz
sei();
```

Mistari miwili ya `CLKPR` lazima ifuatane bila kitu katikati, kwa sababu IC inakupa mapigo manne tu ya saa baada ya ule wa kwanza. Ukishagawanya kasi, mawasiliano ya serial yatatoa herufi za ajabu na `delay()` itachukua muda mrefu kuliko ulioandika. Huo si ubovu.

Tuchukue kifaa kimoja tukifuatilie hadi mwisho. Ni kipima maji kilicho juu ya tangi: bodi yenye ATmega328P ya 16 MHz, betri sita za AA zilizofuatana zikitoa volti 9, reguleta ya kawaida inayoshusha hadi volti 5, na sensa moja. Mwenyewe anasema betri hazimalizi hata siku nne. Tukiupima mkondo unaotoka kwenye betri tunapata hivi:

```
16 MHz   24.4 mA
 8 MHz   19.2 mA
 4 MHz   16.6 mA
```

Kutoka 16 hadi 8 mkondo umeshuka kwa 5.2, na kutoka 8 hadi 4 umeshuka kwa 2.6. Kwa hiyo kila megahezi moja inagharimu miliampia 0.65. Rudisha mstari nyuma hadi kasi ya sifuri: 16.6 toa 2.6, zinabaki 14. Miliampia hizo 14 hazina habari na saa. Hata saa ikisimama kabisa, zitaendelea kuliwa.

Angalia pia mteremko. Ukigawanya 0.65 kwa volti 5 unapata pikofaradi 130, kama datashiti ilivyotuambia. Maana yake IC yenyewe ni nzima na inakula sawasawa. Mteremko ukiwa mkubwa kuliko huo, kuna kitu kingine kinachogeuka pamoja na saa. Mstari ukipanda juu lakini mteremko ukabaki uleule, tatizo liko nje ya ugeukaji. Dalili zote zinazofuata zinatibiwa kwa kurudi kwenye mstari huu.

Neno moja kuhusu mita. Ikiwa kwenye mikroampia, mita nyingi zina ukinzani wa oms 100 au zaidi ndani yake. IC ikiamka na kuvuta miliampia 10, volti nzima inapotea ndani ya mita na kifaa kinajizima. Pima kilicho macho kwenye miliampia, na ushuke kwenye mikroampia pale tu kifaa kinapokuwa kimelala.

Dalili: nimepunguza kasi, mkondo umeshuka kidogo tu

Hiki ndicho kifaa chetu cha tangi. Kasi imepunguzwa mara nne, mkondo umetoka 24.4 hadi 16.6, na mwenye kifaa anadhani IC ni mbovu au ni ya bandia. Sababu inayoongoza kwa mbali ni vitu vingine vilivyo kwenye bodi.

Anza na taa ya kuonyesha umeme. LED nyekundu yenye resista ya kiloomu 1 kwenye volti 5 inakula karibu miliampia 3 usiku na mchana. Ing'oe, au ng'oa resista yake, kisha pima tena. Ya pili ni reguleta. Ile ya AMS1117 inayopatikana kwenye bodi nyingi za bei nafuu inakula yenyewe kama miliampia 5 hata ikiwa haina mzigo wowote. Ya tatu ni IC ya USB na sensa zilizoachwa zikiwashwa muda wote, ambazo kwenye kifaa chetu zinamaliza miliampia 6 zilizobaki.

Usiondoe vyote kwa mpigo. Ondoa kimoja, pima, andika. Mstari utashuka ukiwa na mteremko uleule, na kila hatua itakuambia kitu gani kilikuwa kinakula kiasi gani. Wanaorukia kubadilisha IC kabla ya kung'oa LED ya shilingi mia wanajitesa bure.

Sababu ya nadra zaidi: umegawanya kasi lakini kristali yenyewe bado inatetema kwa 16 MHz, na saketi ya kuitetemesha ina gharama yake. Hiyo nayo haitashuka kwa `CLKPR`. Ikiwa hesabu yako imefika huko, huenda ni wakati wa kutumia saa ya ndani ya 8 MHz na kuiacha kristali kabisa, almradi kifaa hakihitaji muda sahihi sana.

Dalili: mkondo umeshuka kweli, lakini betri haidumu zaidi, au inaisha mapema kuliko zamani

Watu hawaiamini dalili hii mpaka waione kwenye daftari, na ndiyo ninayoona inafaa kuelezwa kwa utulivu kuliko zote.

Betri haihifadhi nguvu, inahifadhi chaji. Unachopaswa kuhesabu ni chaji inayotumika kumaliza kazi moja. Tuseme kusoma tangi na kupiga wastani kunahitaji mapigo 800,000 ya saa. Kwa 16 MHz kazi hiyo inakwisha kwa milisekunde 50, na ugeukaji unavuta miliampia 10.4. Zidisha: miliampia-sekunde 0.52. Kwa 4 MHz mkondo wa ugeukaji ni 2.6 tu, lakini kazi inachukua milisekunde 200. Zidisha tena: 0.52 ileile. Mageti yamegeuka mara zilezile, yakajazwa hadi kimo kilekile. Kasi imebadilisha muda, haijabadilisha gharama.

Sasa ingiza zile miliampia 14 zisizojali saa, na tuseme umepanga vizuri kiasi kwamba zinazimwa IC inapolala. Kwa 16 MHz zinadumu milisekunde 50 na kula 0.7. Kwa 4 MHz zinadumu milisekunde 200 na kula 2.8. Jumla ya kazi moja ni 1.22 kwa kasi kubwa na 3.32 kwa kasi ndogo. Aliyepunguza kasi ili kuokoa betri ameongeza matumizi karibu mara tatu.

Kwa hiyo ukikuta dalili hii, angalia kwanza kama kifaa kinalala baada ya kazi. Kama hakilali, kupunguza kasi kunasaidia kweli, kwa kuwa mapigo ya bure yanapungua, ingawa kulala kungesaidia zaidi. Kama kinalala, rudisha kasi juu, kazi imalizike upesi, kirudi usingizini. Kasi ndogo ina faida yake mahali pawili: unapotaka kupunguza joto au kilele cha mkondo, na unapotaka kibali cha kushusha volteji. Hili la pili ndilo lenye maana kwenye betri, kwa sababu chaji ya kila mgeuko inapungua pamoja na `V`.

Dalili: nimeshusha volteji kutoka 5 hadi 3.3, akiba haifanani na hesabu

Kwa kanuni ya mraba, kutoka volti 5 hadi 3.3 kunapaswa kuacha asilimia 44 tu ya nguvu. Mtu anapima betri na kuona bado asilimia 66 inatumika. Sababu ya kwanza, na mara nyingi ya pekee, ni aina ya reguleta.

Reguleta ya kawaida isiyo na koili inapitisha mkondo uleule unaoingia, na tofauti ya volteji inaigeuza kuwa joto. Kwa 8 MHz na volti 5, IC inavuta miliampia 5.2, kwa volti 3.3 inavuta 3.4. Kwenye IC yenyewe nguvu imetoka miliwati 26 hadi 11.3, mraba umefanya kazi yake. Lakini betri ya volti 9 inaona mkondo tu: miliwati 46.8 imekuwa kama 31. Akiba ya mraba imepotelea kwenye joto la reguleta.

Ukitumia kishusha volteji chenye koili, kile kinachokata na kuunga umeme kwa kasi, hali inabadilika. Kikiwa na ufanisi wa asilimia 85, miliwati 11.3 za IC zinakuwa 13.3 kwenye betri, yaani miliampia 1.5 tu kutoka volti 9. Lakini soma datashiti ya moduli kabla ya kununua. Nyingi zimetengenezwa kwa mizigo ya ampia nzima, na zikiachwa bila mzigo zinakula miliampia kadhaa zenyewe. Kwa kifaa kinacholala asilimia 99 ya muda, moduli ya namna hiyo ni hasara kuliko reguleta ya kawaida yenye matumizi madogo.

Mara nyingi jibu bora ni kutoweka reguleta kabisa. Kifaa chetu cha tangi kinaweza kuendeshwa na betri tatu za AA moja kwa moja: volti 4.5 zikiwa mpya, 2.7 zikiwa zimechoka. Hilo linakubalika kwa sharti moja, ambalo ndilo dalili inayofuata.

Dalili: baada ya kushusha volteji, kifaa kinajizima ovyo au kinatoa namba za uongo

Transista ikipewa volteji ndogo inachelewa kujaza kikombe chake. Pigo la saa linafika kabla geti halijatulia, na jibu lisilo sahihi linahifadhiwa. ATmega328P ina mpaka uliowekwa wazi: hadi 4 MHz kuanzia volti 1.8, hadi 10 MHz kuanzia volti 2.7, na hadi 20 MHz kuanzia volti 4.5, na kati ya pointi hizo mpaka unapanda kwa mstari ulionyooka. Kwa volti 3.3 mstari huo unaishia kama 13.3 MHz. Anayeendesha 16 MHz kwa volti 3.3 yuko nje ya mpaka, hata kama mezani kwake inafanya kazi. Juu ya tangi, kwenye jua la saa nane mchana, huenda isifanye. Ndiyo sababu bodi ya Pro Mini ya volti 3.3 ilitolewa ikiwa na 8 MHz.

Jaribio jepesi: gawanya kasi kwa 2. Makosa yakitoweka, umepata chanzo. Ibakize hapo, usirudishe.

Yasipotoweka, angalia kapasita zilizo karibu na miguu ya umeme. Mageti mengi yanageuka kwa pamoja kwenye ukingo wa pigo la saa, kwa hiyo mkondo hauji kama mto uliotulia. Unakuja kwa mishindo mifupi iliyo juu sana kuliko wastani unaousoma kwenye mita. Bila kapasita ya nanofaradi 100 iliyowekwa jirani kabisa na VCC na GND, mshindo huo unavuta volteji chini kwa kitambo kidogo mno kisichoonekana na multimita. Kwenye bredibodi lenye nyaya ndefu hili ni la kawaida. Weka kapasita moja kwa kila jozi ya miguu ya umeme, usisahau AVCC, na ufupishe nyaya.

Ukikosa yote mawili, tatizo linaweza kuwa betri zilizochoka ambazo zinashindwa pale moduli ya redio inapoanza kurusha. Hapo unahitaji oskiloskopu kwenye VCC. Kubahatisha kwa multimita kutakupotezea siku.

Dalili: kifaa kimelala, bado kinakula miliampia moja au zaidi

ATmega328P ikiwa kwenye usingizi mzito na WDT, saa ndogo ya ndani inayoiamsha, ikiwa hai, inapaswa kula kama mikroampia 4.2 kwa volti 3. Miliampia moja ni zaidi ya mara mia mbili ya hapo.

Sababu ya kwanza ni kuchagua usingizi mwepesi. Katika hali ya idle, kiini cha IC kimesimama lakini saa bado inasambazwa kwa vipande vingine: kwa 8 MHz na volti 5, mkondo ni miliampia 1.2 badala ya 5.2. Huu ni mfano safi wa `a` kushuka huku `V` na `f` vikibaki palepale, lakini haufai kwa kifaa cha betri. Tumia huu:

```c
ADCSRA = 0;
set_sleep_mode(SLEEP_MODE_PWR_DOWN);
cli();
sleep_enable();
sleep_bod_disable();
sei();
sleep_cpu();
sleep_disable();
```

Mstari wa kwanza unazima ADC, ambayo usipoizima inaendelea kula usingizini. `sleep_bod_disable()` inazima kilinzi cha volteji ndogo kinachokula takriban mikroampia 20, na iko kwenye ATmega328P. Ile isiyo na herufi P mwishoni haina uwezo huo, na programu itakataa au haitafanya kitu. Ukiamka, washa ADC upya kabla ya kusoma sensa.

Sababu ya pili inasahaulika: miguu ya kuingizia iliyoachwa hewani. Mguu usiounganishwa popote unaelea, na ukitua karibu na nusu ya volteji, transista ya juu na ya chini za geti la kupokelea zinafunguka kwa pamoja. Mkondo unapita moja kwa moja kutoka VCC hadi ardhini bila kazi yoyote. Utaitambua kwa kituko hiki: mkondo unabadilika ukisogeza mkono karibu na bodi. Ukiona hivyo usitafute zaidi, nenda kwenye miguu isiyotumika na uipe hali maalumu:

```c
pinMode(7, INPUT_PULLUP);
```

Fanya hivyo kwa kila mguu usio na kazi, lakini usiiweke kwenye mguu ambao sensa inauvuta ardhini. Resista hiyo ya ndani ni kati ya kiloomu 20 na 50, na ikivutwa chini kwa volti 5 itakula kuanzia mikroampia 100 hadi 250 muda wote. Miguu inayosoma volteji za kati, kama ya kupima betri, izimie pokezi lake la kidijitali kupitia `DIDR0`.

Ugonjwa huohuo una ndugu yake kwenye IC za familia ya 74HC. Ukiziingizia ishara inayopanda polepole, tuseme kutoka kwenye resista na kapasita, zinakaa muda mrefu katika eneo lile la katikati, zinakula mkondo na pengine kutetema. Kwa volti 4.5 muda wa kupanda usizidi nanosekunde 500. Pitisha ishara kwenye 74HC14 kwanza.

Dalili: mteremko ni mkubwa kuliko 0.65 kwa megahezi

Hii ni nadra na huwapata zaidi wenye skrini au kadi ya kumbukumbu. Kuna waya nje ya IC unaogeuka. Waya mrefu wa pikofaradi 100 unaobeba mapigo ya SPI ya 4 MHz kwa volti 5 unakula miliampia 2 peke yake, kwa sababu waya wa saa hupanda kila pigo bila kukosa. Nyaya za data ni nafuu, hazipandi kila mara. Fupisha waya, na simamisha SPI data ikiisha. Vipande vya ndani usivyotumia, kama taima na TWI, vizime kwenye `PRR`.

Kifaa cha tangi baada ya matibabu

Reguleta, LED na IC ya USB zimeondolewa. Betri ni tatu za AA, saa ni 8 MHz, na sensa inayokubali volti 3 hadi 5 inalishwa kutoka mguu mmoja wa IC ili izimike pamoja nayo. Kwa volti 4 ugeukaji unavuta kama miliampia 4.2 kwa milisekunde 100, sensa 2 kwa muda huohuo. Jumla ni miliampia-sekunde 0.62 kila sekunde 8, ambao ndio muda mrefu zaidi wa WDT. Wastani ni miliampia 0.078, na usingizi unaongeza mikroampia chache. Betri za miliampia-saa 2000 ambazo zilikuwa zinakwisha kwa saa 82 sasa kwenye hesabu zinavuka miaka miwili. Kiutendaji zitachakaa kwa umri na joto kabla ya hapo.

Dalili: IC inachoma kidole. Simama hapa.

Miliampia 10 kwa volti 5 ni miliwati 50. Kiasi hicho hakiwezi kuifanya ATmega328P ichome, haijalishi programu inafanya nini. Prosesa ya kompyuta ndiyo inayopata moto kwa ugeukaji, hii haiwezi. Ikiwa ya moto, kata umeme papo hapo, usiendelee kupima.

Sababu ya kawaida ni mguu wa kutoa uliogusana na ardhi au mzigo uliozidi. Mwisho kabisa ni miliampia 40 kwa mguu na 200 kwa IC nzima. Sababu nyingine ni mguu kupewa volteji inayozidi VCC kwa zaidi ya nusu volti, mfano sensa ya volti 5 kwenye IC ya volti 3.3, au sensa iliyowashwa kabla ya IC. Hapo transista za ndani zinaweza kunasa zikawa njia ya wazi kutoka VCC hadi GND, na hazitaachia mpaka umeme ukatwe. IC iliyopitia hali hiyo inaweza kuonekana nzima na bado ikala mikroampia mamia usingizini, kwa hiyo ibadilishe.

Mpe fundi mwenye vifaa katika hali hizi: betri ya lithiamu iliyovimba au inayopata joto, kwani hiyo haichajiwi tena wala haitobolewi, na kifaa kinacholishwa na umeme wa ukutani bila transfoma, ambacho GND yake inaweza kuwa na volti 230. Kwenye hicho cha pili usiunganishe oskiloskopu wala kebo ya USB ya kompyuta hata kama plagi imechomolewa sasa hivi, maana kapasita zake huenda bado zina chaji.